Nilificha nambari ya kitambulisho nilichookota, na bado imetumika. Imetokaje?

#1 Mama_Kibuye
Jameni, hamjambo. Nina jambo linaninyima usingizi.

Mwezi wa pili, Jumapili soko likiwa limefurika, niliokota kitambulisho chini ya meza yangu ya nyanya hapa Kibuye. Nikakipiga picha mbele na nyuma, nikapaka nambari kwa ile kalamu nyeusi ya kwenye simu, nikaweka kwenye kundi moja la Facebook la watu wa Kisumu na makundi mawili ya WhatsApp. Siku ya tatu mwenyewe, mama mmoja wa upande wa Ahero, akaja akakichukua. Aliniletea hata mchele. Nikaandika AMEPATIKANA juu ya ile posti, nikarudi kwa biashara yangu.

Juzi amenipigia. Binti yake alimbonyezea *106# wakakuta laini mbili wasizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuna mtu anampigia kumdai mkopo ambao hakuomba. Akasema hanilaumu, lakini nilisikia vile alivyoongea. Mimi nambari niliifunika kwa mkono wangu. Imetokaje?

#2 Boda_Nyamasaria
Pole mama. Kabla ya kujibebesha mzigo, hesabu: kile kitambulisho kilikuwa chini ya meza kwa muda gani? Saa moja? Kutwa nzima? Mtu anaweza kukiokota, akakipiga picha, akakirudisha chini. Mimi naona kilitumika kabla hakijafika kwako.

#3 Jakisii254
Dada, ukipoteza kitambulisho nenda kituo cha polisi uchukue abstrakti, halafu ufike Huduma Centre na nakala yake. Usiende kwa watu wa mtandaoni watakula pesa yako.

#4 Boda_Nyamasaria
@Jakisii254 hakuna aliyepoteza. Kilipotea, kikapatikana, mwenyewe anacho. Soma tena kaka.

#5 FundiSimu_Kondele
Mama, maswali mawili kabla ya mtu mwingine kukupa jibu. Kalamu uliyotumia ilikuwa na ncha nyembamba au ile pana iliyokatwa mshazari? Na upande wa nyuma ulipaka wapi?

#6 Mama_Kibuye
Ile pana. Nilipitisha mara mbili, ya tatu ikawa nyeusi kabisa. Nyuma sikupaka, kwa sababu nyuma si ni majina ya wilaya, tarafa na lokesheni tu?

#7 FundiSimu_Kondele
Basi mama, nambari ilitoka kwa njia mbili, na hata moja ingetosha. Siandiki kukuumiza. Naandika kwa sababu kila wiki naona picha kama yako kwenye makundi yetu.

Ya kwanza ni kalamu. Ile yenye ncha pana kwenye simu nyingi imetengenezwa ya kupigia mstari maandishi unayotaka yaonekane, kwa hiyo rangi yake inapitisha mwanga. Ukipitisha mara tatu jicho lako linaona weusi, lakini chini yake weusi wa tarakimu na weusi wa kadi havijalingana. Tofauti ni ndogo sana ila ipo. Mtu akiifungua picha kwenye sehemu ya kuhariri, akapandisha mwangaza mpaka mwisho na kivuli mpaka mwisho, tarakimu zinajitokeza kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa asubuhi ziwani. Hahitaji kompyuta wala utaalamu. Fanya mwenyewe sasa hivi na picha iliyo kwenye simu yako, uniambie.

Ya pili ndiyo kubwa. Geuza kitambulisho chako, hizi kadi tulizo nazo wengi. Chini kabisa kuna mistari mitatu ya herufi na tarakimu zilizobanana, katikati yake alama nyingi za <. Mstari wa kwanza unaanza na IDKYA. Watu hudhani ni mapambo ya serikali. Ni maandishi ya kusomwa na mashine, na yanarudia karibu kila kitu kilicho mbele. Mstari wa pili unaanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, kisha M au F. Mbele kidogo ndani ya mstari huohuo, kuna nambari ya kitambulisho yenyewe. Wa tatu ni majina. Kwa hiyo hata kama mbele ungepaka lami, nyuma ulikuwa umeandika nambari ile ile kwa herufi safi.

#8 Mama_Kibuye
Nimefungua picha nikapandisha mwangaza kama ulivyosema. Tarakimu zote nane zinasomeka. Mungu wangu. Na nyuma ni kweli, ipo.

#9 Karani_Section58
Ndiyo maana huku Nakuru ofisini kwetu tulikataza kalamu. Tumia ukungu au vile vimiraba vinavyovuruga picha. Ukishavuruga hakuna wa kurudisha.

#10 FundiSimu_Kondele
Karani, uko sahihi kukataza ile kalamu, lakini kwa nambari vimiraba ni hatari pia. Sura ya mtu ukiivuruga sana ni vigumu kuirudisha kwa uhakika, sababu sura zinazowezekana hazina mwisho. Tarakimu ziko kumi tu. Na mwandiko wa kadi unajulikana, ni uleule kwa kila Mkenya.

Mwizi hafungui vimiraba vyako. Anaandika 0 kwa mwandiko uleule, anaivuruga kwa kipimo kilekile, analinganisha na chako. Hazifanani, anajaribu 1, kisha 2. Akipata inayofanana anahamia tarakimu inayofuata. Watu huhesabu kwamba tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, wakatulia. Lakini akienda moja moja ni majaribio kumi kwa kila nafasi, yaani kama themanini hivi. Programu ndogo ya kompyuta inamaliza kabla chai haijapoa. Ukungu mwepesi nao ni hivyo hivyo.

Kinachofanya kazi ni umbo lililojaa rangi moja, mraba mweusi au mweupe, usiopitisha chochote. Ukimaliza, piga skrinshoti ya hiyo picha na utume skrinshoti, si picha yenyewe.

#11 KijanaMumias
Mulembe. Hilo la skrinshoti ndilo dawa ya kila kitu. Mimi sihangaiki na kalamu, napiga skrinshoti natuma.

#12 FundiSimu_Kondele
Si ya kila kitu. Skrinshoti inanakili kile kinachoonekana kwenye kioo. Kama rangi ilipitisha mwanga, skrinshoti nayo inabeba ile tofauti ndogo. Inachosaidia ni kuacha nyuma vitu vilivyojificha ndani ya faili: mahali ulipopigia picha, au sehemu uliyokata ikabaki.

#13 KijanaMumias
Ikabaki vipi tena? Nikikata nimekata.

#14 Nafula_wa_Webuye
Mimi naweza kujibu hilo, lilinifundisha kazini. Mwezi wa tatu 2023 ilitangazwa kwamba simu za Google Pixel, kwenye kihariri chake cha picha, zilikuwa zikikata picha na kuhifadhi ile ndogo juu ya faili la ile kubwa bila kufuta mkia wake. Kwa macho unaona kipande, lakini ndani ya faili kulikuwa na sehemu ya picha ya awali inayoweza kurudishwa. Siku chache baadaye ikaonekana programu ya skrinshoti ya Windows 11 ina kosa hilohilo. Zote zilirekebishwa. Lakini picha zilizokuwa zimeshatumwa miaka ya nyuma, marekebisho hayakuzifikia huko ziliko.

Na nyinyi wa ofisini, ukibandika picha ya kitambulisho ndani ya Word ukaikata pembeni, picha nzima bado imo ndani ya waraka. Anayepokea anabofya picha, anachagua zana ileile ya kukata, anavuta kingo, kadi yote inarudi. Mraba mweusi juu ya maandishi ya PDF ni hivyo hivyo: anakokota kipanya, ananakili, anabandika kwingine, anasoma.

#15 Karani_Section58
Hilo la Word limenigusa. Tunapokea barua za maombi kwa mtindo huo kila siku. Kesho naanza kuangalia.

#16 Saiba_Kakamega
Wadau, mnaangalia Facebook tu. Mimi nina saiba hapa Kakamega mjini mwaka wa sita. Mtu anakuja, hana nakala, anatuma picha ya kitambulisho kwenye WhatsApp ya saiba ili nimprintie. Shilingi kumi, anaondoka. Picha yake imebaki wapi? Kwenye mazungumzo, kwenye galari ya simu ya saiba, kwenye folda ya Downloads ya kompyuta ambayo mteja anayefuata atakalia kiti na kufungua, na kama simu inajihifadhi yenyewe mtandaoni, huko pia.

Siku moja mteja alikuwa anatafuta CV yake kwenye Downloads. Nikachungulia juu ya bega lake, nikaona vijipicha vya vitambulisho vimepangwa safu kwa safu, mbele na nyuma, watu ambao wengine nawajua. Mkono ulinitetemeka. Tangu siku hiyo nafuta mbele ya mteja mwenyewe kabla hajalipa, na kila jioni naondoa vilivyobaki na kumwaga pipa la taka la kompyuta. Kufuta bila kumwaga pipa ni kuhamisha tu.

Kwa hiyo mama wa Ahero, je, hajawahi kuprinti kitambulisho popote?

#17 Boda_Nyamasaria
Na je, hajawahi kuandikisha nambari langoni mwa jengo? Kitabu cha askari wa mlangoni kina jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kwenye mstari mmoja, na wewe ukiandika unasoma za kumi waliokutangulia. 2021 watu wangapi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama vya siasa wasivyovijua? Hao hawakuwa wamepoteza vitambulisho. Nambari zetu ziko nje zamani. Mimi bado sikubali kwamba ni posti ya mama.

#18 FundiSimu_Kondele
Boda, huenda uko sahihi, na sitadai najua. Ila kitabu cha mlangoni hakina tarehe ya kuzaliwa wala sura. Ile posti ilikuwa na vyote pamoja, pande mbili. Wakala mwaminifu wa laini anataka kadi mkononi na mwenyewe mbele yake. Asiye mwaminifu anahitaji picha nzuri tu ya pande mbili.

#19 Mwalimu_Lugari
Mimi nina pingamizi na ninyi wote. Mnasema funika nambari, funika sura, funika tarehe, funika nyuma. Mwishowe mnabaki na nini? Jina. Huku kwetu ukitangaza umeokota kitambulisho cha Wafula utapata foleni ya Wafula. Mwaka juzi tulirudisha vitambulisho vinne vya wanafunzi wetu wa zamani kwa sababu watu waliona sura na kusema huyu namjua, ni mtoto wa fulani. Mkificha kila kitu, mwenyewe atalala njaa ya huduma na kadi yake iko kwenye droo yako.

#20 Nafula_wa_Webuye
Mwalimu, hilo ni pingamizi la kweli na silipuuzi. Lakini fikiria upande mwingine. Anayekuja kudai kadi, utamjuaje kuwa ni yake? Ukiwa umeionyesha nambari mtandaoni, kila mtu anaweza kuitaja. Ukiificha, nambari inageuka kuwa swali: nitajie tarakimu nne za mwisho na mwezi wako wa kuzaliwa. Wafula halisi atajibu. Wale wengine kwenye foleni wataondoka.

Mimi hivi ndivyo nilivyofanya na kadi niliyoikuta kwenye matatu ya Bungoma. Niliiweka mezani, nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikafunika kila kitu isipokuwa majina, ndipo nikapiga picha. Nyuma sikuipiga kabisa. Hakuna kalamu wala programu, kwa hiyo hakuna cha kufunuliwa. Kamera haikuwahi kuiona nambari. Nikaandika mahali nilipoipata na siku. Alipatikana baada ya siku tano kupitia shangazi yake.

#21 Mwalimu_Lugari
Boksi la sabuni nimelikubali. Lakini yako ilichukua siku tano, na zetu kwa sura zilichukua jioni moja. Mtoto alikuwa na usaili wa kazi asubuhi. Sura mimi nitaendelea kuionyesha, nambari nitafunika.

#22 Saiba_Kakamega
Onyesha sura kwenye kundi la kijiji la watu mia, si kwenye ukurasa wa watu elfu hamsini. Hapo tutaelewana.

#23 Mama_Kibuye
Nawashukuru wote. Sasa niambieni la kufanya. Posti bado ipo na ile AMEPATIKANA juu yake. Nikiifuta leo, baada ya miezi yote hii, inasaidia nini? Mwizi si ameshachukua?

#24 FundiSimu_Kondele
Mwizi mmoja ameshachukua. Ukiiacha, wa pili na wa tatu watachukua. Mama huyo atafunga laini mbili na mwezi ujao zitafunguliwa nyingine kwa picha ileile. Kuifuta hakurudishi kilichotoka, kunakausha kisima.

Ila usifute kwa haraka. Kwanza ifungue picha peke yake, si posti, unakili anwani yake, na utunze skrinshoti ya posti yenye tarehe, binti yake ataihitaji akienda kulalamika. Funika nambari kwenye hiyo skrinshoti kabla ya kumtumia mtu. Kisha futa posti yote. Kuondoa maandishi au kuandika juu yake hakugusi picha. Halafu fungua kivinjari kwa dirisha la siri, bila kuingia kwenye akaunti yako, ubandike ile anwani. Ikiwa picha bado inafunguka, posti imeondoka lakini faili lipo. Wakati mwingine inachukua muda kupotea, na kwenye tovuti ndogondogo haipotei mpaka mwenye tovuti alitoe kwa mkono.

#25 Mama_Kibuye
Na WhatsApp?

#26 FundiSimu_Kondele
Huko umechelewa. Kufuta kwa wote kuna muda wake, kama siku mbili na ushee, na umepita zamani. Hata ndani ya muda, simu ambayo ilishaihifadhi kwenye galari inaweza kubaki nayo. Kilichobaki ni kuandika kwenye makundi yale yale, kwa unyenyekevu, uwaombe wanachama wafute, na umwombe admini arudie. Wengi watafuta wakiambiwa sababu. Wachache hawatafuta.

#27 Nafula_wa_Webuye
Niongeze. Andika jina kamili la yule mama kwenye utafutaji wa picha wa Google uone. Wenye kurasa za "vilivyookotwa" hunakili posti za watu.

#28 Mama_Kibuye
Nimefanya. Iko mahali pengine. Tovuti moja ya matangazo ya huku Magharibi wameibandika na picha zote mbili. Sikuwapa ruhusa wala hawakuniuliza.

#29 Nafula_wa_Webuye
Hapo ndipo sheria inaingia, na anayepaswa kuandika ni mama wa Ahero mwenyewe, kwa sababu data ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa haki ya kudai ifutwe. Kanuni za 2021 zinampa mwenye tovuti siku 14 za kujibu. Aandike kwa barua pepe, ataje anwani kamili ya ukurasa na ya kila picha, aseme kadi ilisharudishwa kwa hiyo sababu ya tangazo imekwisha. Asiambatishe nakala ya kitambulisho ili kuthibitisha yeye ni nani. Nimeona watu wakifanya hivyo, wanaomba picha moja iondolewe kwa kutuma nyingine safi zaidi. Jina na picha iliyofunikwa vinatosha kuanza.

Wakinyamaza, alalamike kwa Kamishna wa Data. Malalamiko yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90.

Google nao wana fomu ya kuomba matokeo yenye nambari za kitambulisho yaondolewe. Lakini Google anaondoa njia ya kufika, nyumba inabaki. Kwa hiyo tovuti kwanza, au zote mbili kwa pamoja.

#30 Karani_Section58
Swali kwa Nafula: na mama mwenyewe, sheria haimgusi? Aliweka data ya mtu bila idhini.

#31 Nafula_wa_Webuye
Sheria inamwachia mtu binafsi anayeshughulika na mambo yake ya nyumbani. Kama kundi la watu elfu hamsini ni mambo ya nyumbani, hapo mawakili watavutana. Mimi sioni mtu akimshtaki mama aliyekuwa anasaidia. Ila naona ugumu kwake kama angejua hatari, akaombwa aifute, akakataa.

#32 Boda_Nyamasaria
Mwenye kadi mwenyewe je? Tumemsahau tukipigania picha.

#33 FundiSimu_Kondele
Kweli omera. Aende dukani kwa kampuni ya simu, si kwa wakala wa mwavuli, na kadi yake halisi, azikane zile laini mbili zifungwe. Laini yake ya M-Pesa kama ni ya Safaricom abonyeze *100*100# ili isibadilishwe na wakala yeyote kiholela. Polisi aandikishe tarehe, apewe nambari ya OB, hiyo ndiyo atamwonyesha anayemdai mkopo. Halafu *106# awe anaibonyeza mara kwa mara.

#34 Jakisii254
Na akachukue kitambulisho kipya ili apate nambari mpya.

#35 Saiba_Kakamega
Kaka, kadi mpya inakuja na nambari ileile. Ingebadilika tusingekuwa hapa tunaandika usiku huu.

#36 Mama_Kibuye
Narudi baada ya wiki tatu. Posti nimeifuta, anwani ya picha ilifunguka siku ya kwanza, siku ya pili haikufunguka. Laini mbili zimefungwa. Anayedai mkopo bado anapiga simu, lakini sasa anajibiwa na nambari ya OB. Tovuti walinyamaza mpaka siku ya 11, wakaondoa picha ya mbele na kuacha ya nyuma! Binti amewaandikia tena, amewaonyesha ile mistari mitatu.

Kwenye WhatsApp kundi la kwanza wamefuta, wengi waliniandikia. La pili admini alibadilisha nambari na hakuna anayejua aliko.

Na ile laini moja, dukani waliambiwa ilisajiliwa mwezi wa kwanza. Mimi niliokota kadi mwezi wa pili.

#37 Boda_Nyamasaria
Nilisema mimi!

#38 FundiSimu_Kondele
Moja umeisema, Boda. Mama, ya pili ilisajiliwa lini?

#39 Mama_Kibuye
Mwezi wa nne.